Mwanangu hataki mboga za majani, na bibi yake anataka alishwe kwa nguvu

*Assalamu alaykum dada. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mikindani kwa wakwe zangu. Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Zamani hakuwa na shida, nikimpondea wali kwa matembele ya nazi anamaliza bakuli. Alipokaribia miaka miwili akaanza kukataa, na sasa hataki hata kuona jani. Nikimchanganyia kwenye wali anachambua kimoja kimoja anaweka pembeni, na akikikuta mdomoni anatema. Anakula wali, ugali kwa mchuzi wa samaki, chapati, mayai, maharage akiamua, ndizi na embe. Mchicha, bamia, matembele, kisamvu, vyote hapana. Ziwa nilimwachisha alipotimiza miaka miwili. Mwezi uliopita kliniki alikuwa na kilo 11.3, miezi minne kabla ya hapo alikuwa na kilo 10.6.*

*Mama mkwe anasema nimemdekeza. Juzi alimshika, akambana pua, akamtia tonge la matembele. Mtoto akapaliwa, akatapika kila kitu, nami nikaenda kulia chumbani. Baba yake humwahidi biskuti akimaliza mboga. Dada, mtoto huyu anaumwa? Nimlazimishe au nimwache? Na kwenye duka la dawa wameniambia kuna dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Ninunue?*

*Mama wa Mikindani*

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Kwa uliyoniandikia, sioni dalili kwamba binti yako anaumwa. Na huko kumbana pua kukome leo, kabla hujafika mwisho wa kusoma jibu hili. Mtoto aliyebanwa pua huvuta pumzi kwa mdomo, na kama mdomoni mna chakula, chakula hicho kinaweza kwenda kwenye njia ya hewa. Kupaliwa ulikokuona ndiko huko. Safari hii amekohoa na kutapika, tumshukuru Mungu. Mtoto mwingine chakula hukwama, au kikaingia mapafuni na kuleta nimonia.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Chukua kadi yake ya kliniki uitazame tena. Ndani ya miezi minne ameongeza gramu 700. Kwa mtoto aliyepita miaka miwili, kilo mbili hivi kwa mwaka ndiyo mwendo wa kawaida, kwa hiyo yeye yuko vizuri kabisa. Kinachowachanganya wazazi wengi ni kumbukumbu ya mwaka wa kwanza. Mtoto huzaliwa na kilo tatu, akitimiza mwaka ana kilo tisa, yaani ameongeza kilo sita kwa miezi kumi na miwili. Baada ya hapo mwili hupunguza kasi ya kukua, na hamu ya kula inapungua nayo. Bakuli alilokuwa akilimaliza akiwa na miezi kumi na moja huenda leo ni kubwa kwake, ingawa yeye mwenyewe amekuwa mkubwa. Kwa mboga, kipimo cha kuanzia kwa umri wake ni kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa mlo. Kina mama wengi nikiwaonyesha kiasi hicho kwenye sahani wanashangaa, kwa sababu wao walikuwa wanapigania upawa mzima.

Kukataa kwenyewe nako kuna umri wake. Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, watoto wengi huanza kuogopa chakula wasichokizoea, na hata kile walichokuwa wakikila wakiwa wadogo. Hali hiyo hushika kasi kati ya miaka miwili na sita, kisha hupoa. Ni umri ambao mtoto ameanza kutembea mwenyewe na kuokota vitu uani, kwa hiyo si ajabu kinywa chake kikawa na wasiwasi na kila kigeni. Majani ya kijani ndiyo yanayoumia zaidi kwa sababu mengi yana uchungu kidogo, na ulimi wa mtoto huusikia uchungu kuliko wa mtu mzima. Mchicha unaouona wewe mtamu, kwake unaweza kuwa mkali. Ukiongeza nyuzi zinazozunguka mdomoni bila kutafunika, utaelewa kwa nini anatema. Kwa hiyo hujamdekeza, na hilo nalisema wazi ili ulitue moyoni.

Kuhusu kulazimisha, jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa wakipewa supu. Kwa supu moja watoto walikuwa wakihimizwa waimalize, kwa nyingine waliachwa wale wenyewe. Ile waliyoachiwa ndiyo waliyoila zaidi kadiri siku zilivyokwenda, na ile waliyohimizwa ndiyo waliyoisema vibaya sana. Angalia kwamba kule hakuna aliyebanwa pua wala kuonyeshwa fimbo. Yalikuwa maneno tu, yale ya "maliza supu yako", tena kwa adabu. Kama maneno ya adabu yanafanya hivyo, tonge la nguvu linafanya nini? Mtoto hujifunza kwamba matembele ni kitu kinachokuja pamoja na kukabwa, na siku ya pili anaanza kulia akiona sufuria tu.

Biskuti ya baba nayo ni shinikizo, ila limevaa nguo nzuri. Mtoto akisikia "maliza mboga upate biskuti", anaelewa kwamba mboga ni adhabu na biskuti ndiyo chakula cha thamani. Siku hiyo anaweza kumeza vijiko viwili, baba akaona mbinu imefaulu, lakini mapenzi yake kwa mboga yanazidi kushuka na ya biskuti yanapanda. Mwambie mumeo taratibu. Akitaka kumpa biskuti ampe siku anayotaka yeye, isihusiane na sahani.

Lakini kuacha kulazimisha hakuna maana ya kuacha mboga isimfikie. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mzazi hujaribu mara tatu, nne, mtoto anakataa, basi mboga inaondolewa kwenye sahani ya mtoto na haionekani tena kwa mwaka mzima. Mtoto wa umri huu huhitaji kukionja chakula kilekile mara nyingi kabla ulimi wake haujakikubali. Kwa wengi ni kati ya mara 8 na 15, na wapo wanaohitaji zaidi. Na kuonja ninakokusema ni chakula kugusa ulimi. Kukiona mezani kunasaidia kumwondolea woga, ila kinachobadilisha ladha ni ulimi. Kiasi hakina uzito sana, kipande kidogo kama punje ya mbaazi kinatosha.

Kwa binti yako ningefanya hivi. Ningechagua mboga moja tu, na ningechagua matembele, kwa sababu alikuwa akiyala, ni laini, na uchungu wake ni mdogo. Mchunga uache kabisa kwa sasa. Kisamvu nacho kisiwe cha kujaribishia, si kwa sababu ni kibaya, ila kinataka muda jikoni. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi mpaka yatwangwe na kuchemshwa vizuri sufuria ikiwa wazi, kwa hiyo jani la haraka haraka la kuonjesha mtoto si mahali pake. Na akitokea mtu wa kukushauri umnyweshe maji ya kisamvu kibichi aongeze damu, usikubali.

Matembele yachambue uondoe vikonyo vyote, ukusanye majani, uyakate membamba kwa kukingama ili nyuzi ziwe fupi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani na tui jepesi yaive mpaka yalegee, kisha malizia na tui zito na chumvi kidogo. Mafuta ya nazi yanapunguza ukali wa jani ulimini, tena vitamini A iliyomo kwenye majani hutaka mafuta ili mwili uipokee. Siku nazi imekosekana, unga wa karanga au wa korosho unafanya kazi hiyohiyo. Uwe umesagwa laini lakini, kwa sababu karanga nzima na korosho nzima zinakaba watoto wa umri huu. Pika vilevile kila mara kwa wiki hizi za mwanzo. Ukipika leo kwa nazi, kesho kwa karanga, keshokutwa na dagaa, kwake hizo ni mboga tatu tofauti na hesabu inaanza upya.

Chakula cha mchana kikiwa tayari, mtengee kile anachokila, mfano wali na mchuzi wa samaki, na pembeni, si juu ya wali, weka matembele kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Usichanganye. Umesema anachambua kimoja kimoja. Mtoto anayechambua anakuambia anataka kujua kilichomo kwenye sahani yake, na ukimchanganyia, wali nao unaingia kwenye mashaka. Yakiwa pembeni anayaona, anayajua yalipo, na anakula wali wake kwa amani.

Kisha wewe kaa naye, ule matembele yako. Hili lifanye kwa dhati, usikae unamtazama mdomo. Watoto wanajua wakitazamwa. Mara moja tu katika mlo huo, chukua kajani kadogo, mwambie, "Onja haka, ukishindwa tema hapa," umwonyeshe kiganja chako au kisosi. Akifungua mdomo, vizuri. Akilamba tu akarudisha, umepata kuonja kwa siku hiyo. Akitafuna akatema, ni zaidi ya kuonja, usimkemee. Akigeuza shingo, sema "haya", endelea na mazungumzo mengine. Usirudie kumwomba, usimbembeleze, usimwambie fulani amemaliza. Mlo ukimalizika, toa sahani bila maneno, na usiende kumkaangia yai kwa kuwa hakula mboga, maana wali na samaki wake ameshapata.

Ukimsifu, sifia kitendo. "Umeonja matembele" inatosha. Makofi ya nyumba nzima humfanya aone ametazamwa. Kama unataka kitu cha kumhamasisha, mchoree nyota kwa kalamu mgongoni mwa mkono kila akionja. Zawadi ndogo isiyo chakula, ya kuonja tu na si ya kumaliza, imeonekana kusaidia watoto waanze. Chakula kwa chakula ndicho kinachoharibu.

Usitegemee kuona kitu siku za mwanzo. Maendeleo yanakuja kwa mpangilio ambao mtu asiyeujua hauoni. Kwanza ataacha kulia mboga ikiwa kwenye sahani. Halafu ataisukuma kwa kidole, au ataishika na kuiponda, na hapo bibi atasema anachezea chakula. Mwache. Kisha atalamba, atauma na kutema, mwisho atameza kidogo kidogo huku amekunja uso. Kukunja uso na kumeza ni habari njema. Utakapomwona anameza bila kukunja uso, mara kadhaa mfululizo, ndipo uongeze kiasi, na ndipo uanze mboga ya pili. Kwangu ya pili ingekuwa boga, kwa sababu ni tamu, halafu majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi vizuri. Bamia iache ya mwishoni, ule mlenda wake huwashinda wengi.

Kama umeonjesha kwa wiki mbili mfululizo na hajafika hata kulamba, pumzisha matembele kwa wiki moja, jaribu boga, kisha rudi. Na akiugua homa au meno yakimsumbua, atarudi nyuma hatua mbili tatu. Huo ni mwendo wa kawaida, subiri apone uendelee pale alipokubali mwisho.

Jambo moja la ratiba ndilo linalobeba haya yote. Mtoto aje kwenye mlo akiwa na njaa ya wastani. Hukuniambia anakula nini katikati, lakini naijua mitaa yetu. Asubuhi kikombe cha uji, saa nne andazi kwa jirani, baadaye kidogo ubuyu wa rangi, kisha chai, halafu mchana tunashangaa hataki kula. Umri wake unataka milo mitatu na vitafunwa viwili vidogo, ukiacha kama saa mbili kabla ya kila mlo ambamo anapata maji tu. Uji upewe kama mlo au kitafunwa, usiwe wa kunywa siku nzima kwenye chupa. Maziwa kama anapata, yasizidi nusu lita kwa siku. Chai ya rangi asipewe kabisa na chakula, inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani yasiingie mwilini. Embe, papai au chungwa baada ya chakula hufanya kinyume chake, husaidia chuma hicho kiingie. Mpe hizo mahali pa chai, apate hata siku ambayo hakuonja mboga.

Ukiniuliza kama anakosa kitu kikubwa wakati huu wote, jibu langu ni kwamba kwa orodha uliyonipa hayuko hatarini. Samaki, mayai na maharage yanampa protini na chuma. Embe mbivu na papai zina vitamini A, na viazi lishe vya rangi ya chungwa ukivipata sokoni vinatoa kwa wingi kuliko majani mengi. Na kila baada ya miezi sita anatakiwa apate matone ya vitamini A, pamoja na dawa ya minyoo kwa kuwa ameshapita mwaka mmoja. Huku kwetu huduma hiyo hutolewa Juni na Desemba, katika mwezi wa afya na lishe ya mtoto. Angalia kadi kama ya mwisho imeandikwa.

Wapo watakaokushauri umsagie mboga umfichie kwenye uji au kwenye unga wa chapati. Kulisha mwili kunalisha, sipingi. Ila mtoto hajifunzi kula mboga asiyoijua kama ameila, na siku akigundua, uji nao unaweza kukataliwa. Wewe una vyakula vichache vya uhakika, usivihatarishe. Chapati ya boga pika wazi, umwite akuone unaponda boga na kukanda, umwambie hii ni ya boga.

Sasa mama mkwe wako. Naomba usimwendee kwa kumwonyesha kwamba amekosea, kwa sababu moyoni hakuwa na ubaya. Wazee wetu wamelea katika nyakati ambazo mtoto akikataa kula siku mbili tatu, watu walianza kuogopa msiba, na kumshindilia mtoto chakula kulionekana ni kumwokoa. Tafuta wakati wa utulivu, si wakati wa mlo, umwendee na shikamoo yako na kadi ya kliniki mkononi. Mwambie, "Mama, tazama mstari wake unavyopanda, mjukuu wako anakua. Kinachoniogopesha ni kule kupaliwa, naomba tusimbane tena." Ukimpa kazi, utafanikiwa zaidi. Mwombe awe anakula matembele na mtoto kwenye sahani moja, yeye akila yake bila kusema neno. Mtoto wa miaka miwili huiga anachomwona mkubwa anayempenda akikitia mdomoni, na watoto wenzake humvuta zaidi. Kama wapo binamu wanaokula mboga, walishwe naye sinia moja. Nimeona watoto waliomshinda mama yao wakichukua kisamvu kwenye sinia la wenzao bila kuombwa.

Nisikuache ukidhani kila kukataa ni kwa kawaida. Mpeleke kliniki au kituo cha afya kama kilo zake zimesimama au zimeshuka katika vipimo viwili mfululizo, au utepe wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5. Ukisoma chini ya 11.5, au miguu ikivimba na ikibonyea ukiigandamiza, usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Viganja vyeupe, uchovu, na kula udongo au mkaa ni dalili zinazotaka damu ipimwe. Mtoto anayekohoa au kupaliwa kila mlo hata asipolazimishwa, anayelia akimeza, au anayeweza vyakula vilivyopondwa tu na kutapika kila chenye kutafunwa, ana shida nyingine isiyo ya uchaguzi wa chakula.

Na kuna la kuhesabu nyumbani. Andika vyakula vyote anavyovikubali, vyote, hata ndizi mbivu na chapati. Mtoto mchaguzi wa kawaida huwa na orodha ya ishirini au zaidi, na chakula alichokichoka wiki hii hukirudia baadaye. Ukiona orodha iko chini ya hapo na inazidi kupungua, akiacha mayai hayarudii, na ameanza kukataa kundi zima, mfano kila kitu chenye majimaji, hilo mwambie mhudumu wa afya hata kama kilo zinapanda. Mwambie pia kama mtoto hazungumzi kama wenzake au hajali akiitwa jina, kwa kuwa uchaguzi mkali wa chakula wakati mwingine huandamana na mambo hayo. Orodha uliyonitajia ni fupi, lakini sidhani umeandika yote. Kaa uiandike vizuri wiki hii, uirudie baada ya miezi mitatu.

Hiyo dawa ya maji usinunue. Nyingi zinazouzwa kwa jina la kuongeza hamu ya kula ni dawa za mzio zenye kuleta usingizi, na njaa inayoletwa nayo huondoka ukiacha kuitumia. Haimfundishi ulimi matembele. Vitamini za chupa nazo haziwi na kazi kwa mtoto anayekula samaki, mayai na matunda na anayepata matone yake, isipokuwa mhudumu amepima akaona upungufu. Kliniki ya mwezi ujao nenda na kadi pamoja na ile orodha, mwombe akupimie na mzingo wa mkono, uniandikie ulivyosomeka.